Nimeleta mpangaji, wamemalizana wenyewe na mwenye nyumba. Hela yangu ya udalali naidai kwa nani? (Dodoma)

Kijana wa Ilazo
Wakuu, habari za jioni. Niko Dodoma, nafanya udalali wa nyumba maeneo ya Ilazo, Kisasa na Nzuguni. Kuna dalali mwenzangu wa mtaani alinipa nyumba: vyumba viwili, sebule, jiko, iko ndani ya fensi, Luku yake peke yake. Nikapata mteja, mtumishi aliyehamishiwa Mtumba. Nikampeleka kwa bajaji, akaipenda, akasema ngoja aongee na mke wake. Siku mbili kimya. Nampigia, hapokei. Juzi napita pale naona kanga zimeanikwa na gari yake iko ndani. Amelipa miezi sita moja kwa moja kwa mama mwenye nyumba.

Mteja nilimwambia kabisa kwamba hela ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja, akajibu sawa kwa meseji, ninayo. Mama naye ananiambia "mimi sikukuajiri". Sasa hapa namkamata nani?

Bwana Kizota
Pole sana dogo. Hii ndiyo Dodoma. Watu wa serikali ndio wabaya zaidi, wanavaa tai lakini hela ya dalali hawalipi.

mpole_2
Samahani kuingilia, nina kiwanja Nala kimepimwa, hati bado, kina ofa tu. Kuna dalali hapa anaweza kunisaidia? Sitaki asilimia kumi, nataka mtu wa asilimia tano.

Wakili wa Kitaa
Mtoa mada, huna mkataba wa maandishi, huna kitu. Sheria haitambui maneno ya mdomo kwenye mambo ya nyumba. Hapo umeliwa, songa mbele. Mara nyingine uwe na fomu, mteja asaini kabla hajaona nyumba.

Mzee wa Area C
Wakili, nusu ya ulichosema ni kweli. Fomu ni nzuri. Ila anachodai huyu kijana siyo nyumba, ni ujira wake, na Sheria ya Mikataba inatambua makubaliano ya mdomo. Ugumu uko kwenye ushahidi. Yeye ana meseji ya mteja inayosema sawa, kwa hiyo hayuko mikono mitupu.

Lakini kijana, kabla sijakwambia udai kwa nani, nijibu maswali mawili. Mama alitaka shilingi ngapi kwa mwezi? Na wewe mteja ulimtajia ngapi?

Kijana wa Ilazo
Shikamoo mzee. Mama alitaka 220,000. Mimi nikatangaza 250,000. Hicho ni cha juu changu, kila dalali anafanya, wala si siri.

Mzee wa Area C
Marahaba. Nilijua tu kuna cha juu hapo, maana mteja anayekwepa mwezi mmoja peke yake huwa anabembeleza apunguziwe. Anayepotea kimya kimya ni yule aliyegundua jambo.

Hebu tupige hesabu yako. Kwa miezi sita ulitaka mteja atoe 1,500,000 ya kodi na 250,000 ya dalali, jumla 1,750,000. Mama alitakiwa kupata 1,320,000. Kwa hiyo katikati kulikuwa na 430,000, ambayo ni 250,000 ya udalali na 180,000 ya cha juu. Sasa jiulize, hiyo 180,000 ungeipataje? Ama upokee kodi wewe halafu umpelekee mama yake, ama mama akubali kuandika risiti ya 250,000. Njia zote mbili zinakulazimisha uwaweke mbali wasiongee bei. Nina uhakika siku ya kuonyesha nyumba ulimwambia mteja mambo yote yapitie kwako, mama hapendi kusumbuliwa.

Kijana wa Ilazo
Nilimwambia hivyo, ndiyo. Mzee ulikuwepo?

Mzee wa Area C
Sikuwepo. Ila mtu mzima anayetaka kulipa zaidi ya milioni halafu anaambiwa asionane na mwenye mali, lazima ashtuke. Siku hizi kuna matapeli wanaopokea kodi ya chumba kimoja kwa watu watatu. Akarudi jioni peke yake, akagonga mlango wa jirani, akaelekezwa kwa mama, akauliza "nyumba bei gani?" Mama kwa uaminifu wake akasema laki mbili na ishirini. Hapo mteja ameona mambo mawili kwa mpigo: kwamba umemdanganya, na kwamba akikuruka anabaki na 430,000 mfukoni. Ungetaja 220,000, kukuruka kungemwokolea 220,000 tu, na wala asingekuwa na hasira ya kumtetea mbele ya nafsi yake.

Fundi Friji Majengo
Mzee hapo sikubaliani na wewe. Mimi nauza vitu vya mitumba, friji, sofa, televisheni za watumishi wanaohamishwa. Cha juu ndiyo kazi yenyewe. Mwenye friji anasema "mimi nipe laki tatu na nusu mkononi, ukiuza nne ni juu yako." Nauza nne, nachukua hamsini yangu, kila mtu anaenda kwake. Tatizo liko wapi?

Mzee wa Area C
Kwenye friji hakuna tatizo, na sababu umeitaja mwenyewe. Kwanza mwenye friji amekuruhusu, amesema ya juu ni yako. Pili, friji inauzwa mara moja. Mnunuzi akishaipakia kwenye kirikuu hatakutana tena na muuzaji.

Nyumba haiishi siku ile. Miezi sita ikifika mpangaji analipa tena, na safari hii wewe haupo. Anampigia mama, "nakutumia ile laki mbili na nusu," mama anashangaa, "ipi tena?" Au risiti ya kwanza ilisema 250,000, na mama sasa anataka iendelee hiyo hiyo kwa sababu ameonja. Kwa hiyo cha juu cha kodi ni bomu la miezi sita. Hata ukifanikiwa leo, umempoteza mama pamoja na mpangaji, na mama ana wapangaji wengine wanne kwenye fensi ile.

mwana_Kongwa
Kweli kabisa. Mimi niko Kibaigwa, sokoni kwenye mahindi. Mkulima anashusha mzigo, namtafutia mnunuzi, nachukua 500 kwa gunia na mkulima anajua. Wapo wenzetu wanaomwambia mkulima bei moja na mnunuzi bei nyingine, halafu wanakaa katikati kama ukuta. Wanapiga hela msimu mmoja. Msimu wa pili mkulima anakuja na simu mkononi, ameshawapigia watu watatu kuuliza bei kabla hajashusha. Ila na mimi nina kesi yangu: mnunuzi kanikopa hela ya magunia arobaini, ananizungusha toka Juni. Huyo namfanyaje?

Bwana Kizota
Magunia arobaini kwa 500 ni 20,000. Mkuu samehe tu, nauli ya kumfuata itazidi.

Mama Simtank
Mimi ni mwenye nyumba, nina vyumba Makulu na nyumba moja Iyumbu karibu na chuo. Niwaambie upande wetu. Madalali wakinitumia mtu sikatai. Ninachochukia ni kukuta nyumba yangu imetangazwa kwenye stetasi za watu sita kwa bei sita. Mteja anakuja kwangu amenuna, ananiona mimi ndiye mwizi. Kuna mmoja alitangaza "maji saa ishirini na nne". Dodoma hii! Sisi tunakaa kwa mgao, ndiyo maana nina simtank mbili. Mpangaji kaingia, siku ya tatu bomba halitoi, ananipigia mimi usiku.

Kwa hiyo kijana, huyo mama kukujibu kwamba hakukuajiri, namwelewa. Hajawahi kuongea na wewe. Nyumba alimpa yule dalali wa mtaani, na yule akakupa wewe.

Kijana wa Ilazo
Mama, shikamoo. Lakini bila sisi hizo nyumba zinakaa tupu. Petroli ni yangu, bando la kutangaza ni langu. Mwezi huu nimezungusha watu wengi na waliolipa ni wawili tu.

Mama Simtank
Marahaba mwanangu. Sijasema usile. Nasema mwenye nyumba akujue.

dada_Nkuhungu
Petroli mnayolalamikia si mnaitoza kwenye ile hela ya kuonyeshwa? Nimelipa elfu kumi kumi kwa madalali wanne nikitafuta chumba masta. Wawili walinipeleka vyumba ambavyo vina watu ndani! Mmoja mwenye chumba alitoka na taulo. Kuna watu hawana nia ya kukupangisha, wanaishi kwa hiyo elfu kumi.

Kijana wa Ilazo
Dada siyo wote. Mtu akishalipa hata elfu tano unajua ana nia. Bure wanakuja kutalii.

dada_Nkuhungu
Basi ikatwe kwenye hela ya dalali nikichukua chumba. Mbona hilo hamlitaki?

Mzee wa Area C
Mimi naikata. Nimepeleka mtu kwa elfu kumi, akichukua chumba cha 80,000 ananipa 70,000. Na kabla sijampeleka napiga simu kwa mwenye chumba siku hiyo hiyo, kwa sababu chumba karibu na chuo kinaweza kuwa wazi asubuhi na jioni kikawa na mtu, hasa wanafunzi wanapofungua mwaka, mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Wenzangu wengi hawakubali kukata, na sina namna ya kuwalazimisha.

Wakili wa Kitaa
Turudi kwenye hoja. Mzee umesema ana haki ya kudai. Adai nani?

Mzee wa Area C
Deni analidai kwa aliyeahidi. Mama hakuahidi chochote, amwache. Aliyeahidi ni mteja, kwa meseji. Lakini aliahidi nini? Kodi ya mwezi mmoja. Kodi ya kweli ni 220,000, siyo 250,000. Kijana akienda kudai 250,000 mteja atatoa risiti ya mama mezani na hapo uongo utakuwa wa kwanza kujadiliwa. Adai 220,000 na asitaje cha juu hata kidogo.

Na hiyo 220,000 siyo yake yote. Dalali wa mtaani ndiye mwenye nyumba kwa lugha yetu, huyu ndiye mwenye mteja. Desturi ni nusu kwa nusu, kila mmoja 110,000. Kijana, mwenzako umemwambia?

Kijana wa Ilazo
Bado. Yeye pia anajua bei ya mama, nilipanga cha juu kiwe changu peke yangu kwa sababu mteja ni wangu.

Bwana Kizota
Haaa! Kumbe na mwenzio ulikuwa unamruka.

Wakili wa Kitaa
Nimeenda kuisoma. Mzee uko sahihi kuhusu mdomo. Ila kuna kitu kwenye Sheria ya Mikataba hiyo hiyo ambacho kinaweza kumuumiza: wakala akikosa uaminifu kwenye kazi aliyopewa, hastahili ujira kwa ile sehemu aliyoiharibu. Mteja akisema "huyu alikuwa wakala wangu na alinificha bei", hata hiyo 220,000 inatikisika.

Mzee wa Area C
Hapo umenena. Swali ni kama alikuwa wakala wa mteja au wa mama, au alikuwa mtu wa kukutanisha tu. Sisi madalali wa mitaani huwa hatusemi, na ndiyo maana tunaumia. Sina jibu la moja kwa moja. Lakini ningekuwa yeye nisingekimbilia mahakamani. Ningemwandikia mteja ujumbe wa heshima, nikamkumbusha tarehe aliyoona nyumba na jibu lake la sawa, nikamwomba 220,000. Akikataa, twende kwa mwenyekiti wa mtaa tukae watatu. Mwenyekiti si hakimu, hawezi kumlazimisha, ila mtumishi mgeni hapendi kuanza maisha ya mtaani kwa kuitwa ofisini. Mara nyingi mnaishia katikati. Ikishindikana kabisa, dai la deni dogo kama hilo linapelekwa Mahakama ya Mwanzo, apime kama muda wake unalingana na hela yenyewe.

Mama Simtank
Mimi napinga. Mpangaji kadanganywa bei, halafu tena alipe? Angekuwa mwanangu ningemwambia asitoe hata mia.

Fundi Friji Majengo
Mama, nyumba aliionaje? Aliota? Mtu kamtoa stendi mpaka mlangoni. Anastahili kitu.

Mama Simtank
Amlipe nauli ya bajaji.

Kijana wa Ilazo
Haya, tuseme hili limepita. Nyumba nyingine ninayo Kisasa, na safari hii nimeipata kwa mwenyewe, mzee mmoja mstaafu. Nifanyeje nisirukwe tena? Nikiacha cha juu, halafu wakaonana, si ndiyo rahisi zaidi kumalizana?

Mzee wa Area C
Wanaonana, ndiyo, lakini mbele yako. Nitakwambia ninavyofanya mimi.

Nikipata nyumba naongea na mwenyewe kwanza. Namwambia, "Mzee, bei nitakayotangaza ni hii yako. Mimi nalipwa mwezi mmoja na mpangaji. Nikikuletea mtu halafu akarudi peke yake, nisaidie umwambie amalizane na mimi kwanza." Wengi wanakubali, kwa sababu hakiwatoki kitu. Asiyekubali, nyumba yake naiacha.

Siku ya kupeleka mteja, kabla hatujapanda bodaboda, namtumia mwenye nyumba meseji: "Shikamoo mzee, saa kumi nakuletea mteja wa nyumba ya Kisasa," na jina la mteja. Akijibu "sawa karibu", basi. Meseji hiyo ina saa na tarehe, na ina jina. Wiki mbili baadaye mteja akijitokeza na kusema ameona kibao tu, mzee ana kumbukumbu kwenye simu yake mwenyewe, siyo kwenye maneno yangu. Na mteja naye anaandika kwenye daftari langu: tarehe, nyumba ipi, jina, sahihi. Mtu anayekataa kuandika jina kwenye daftari kabla ya kuona nyumba ameshakwambia anachopanga.

Tukifika naangalia mwenyewe Luku na kufungua bomba. Namuuliza mwenye nyumba maji yanatoka siku zipi na kama bili ya DUWASA imelipwa, mteja akisikia. Hayo yote mteja angeyagundua baadaye, bora ayasikie mbele yangu ili asirudi peke yake kuyauliza. Maana wengi wanaorudi jioni hawarudi kwa ajili ya kukwepa dalali. Wanarudi kuuliza maswali ambayo dalali aliyakwepa, na wakiwa pale ndipo wazo la kumalizana linapokuja.

Kodi mteja anamtumia mwenye nyumba moja kwa moja, jina likitokea kwenye simu linafanana na la kwenye mkataba. Mimi sishiki kodi ya mtu. Hela yangu inatumwa pale pale tukiwa tumekaa, kabla funguo hazijatoka. Hakuna "nitakurushia kesho". Kesho ya mpangaji aliyeshika funguo ni ndefu.

dada_Nkuhungu
Mzee unapatikana wapi? Bado natafuta chumba masta, bajeti 80,000, Nkuhungu au Chang'ombe.

mpole_2
Na kiwanja changu cha Nala je?

Mzee wa Area C
Dada nitumie ujumbe wa faragha. Mpole, viwanja sifanyi, ofa bila hati inataka mtu anayejua kufuatilia ardhi jijini. Ukipata dalali wa mtaani wa asilimia tano nenda naye ofisi ya ardhi kabla ya kutangaza.

Fundi Friji Majengo
Mzee nikuulize. Kwenye nyumba hiyo hiyo, mwenye nyumba akisema mwenyewe "mimi nataka laki mbili, zaidi ya hapo ni yako", kama vile friji. Cha juu hapo ni halali?

Mzee wa Area C
Amekubali mwenye mali, kwa hiyo kwake umekuwa msafi. Kwa mpangaji bado kuna ile miezi sita ya pili. Mimi humwambia mwenye nyumba, "kama unataka kunishukuru, nipe kitu mara moja kwenye malipo ya kwanza, usinipandishie kodi ya mtu." Wapo walionipa elfu hamsini nyumba ilipokuwa imekaa tupu muda mrefu. Wengine wamenipa asante tu.

Kijana wa Ilazo
Nimemwandikia mteja. Nimetaja 220,000. Amesoma, tiki zimekuwa za bluu, hajajibu. Na dalali mwenzangu nimempigia, amekasirika, anasema alishajua toka siku ile mteja alipohamia na alikuwa ananisubiri niseme.

Bwana Kizota
Ungempa sasa hivi hata elfu ishirini ya kutuliza, kabla hajaanza kukusema kijiweni.

dada_Nkuhungu
Swali la mwisho jamani. Nikilipa dalali mwezi mmoja, halafu mwenye nyumba akanitoa baada ya miezi miwili anataka kuweka mtoto wake, hela ya dalali inarudi?

Mama Simtank
Hapo mwenye nyumba ndiye mwenye kosa, akurudishie kodi iliyobaki. Dalali kashamaliza kazi yake.

Kijana wa Ilazo
Hairudi, dada. Hakuna dalali anayerudisha.

Mzee wa Area C
Mimi sirudishi hela, ila nakutafutia chumba kingine bila kukutoza tena. Hiyo naiandika kwenye daftari siku ile ile: ukitolewa ndani ya miezi mitatu bila kosa lako. Wenzangu wananiambia naharibu soko.